Wasifu wa Kazi Ulioandikwa Usiku: Mwongozo Kamili kwa Mama Anayerudi Kazini

Watoto wangu hulala kabla ya saa tatu usiku, isipokuwa wa mwisho, ambaye huitisha maji mara mbili na hadithi mara moja kabla ya kukubali. Hapo ndipo ninapopata meza. Niliacha kazi ya forodha hapa Busia, upande wa Uganda, mwaka 2019, na mwaka 2025 niliamua kurudi. Wasifu wangu niliuandika kwa usiku tisa kwenye meza ya jikoni. Nitaeleza kila usiku ulivyokwenda pamoja na makosa niliyofanya, kwa sababu najua wapo akina mama wenzangu hapa Busia, Malaba, Jinja na Kampala wanaokaa usiku mbele ya ukurasa mtupu bila kujua mstari wa kwanza uwe upi.

Kwanza kazi yenyewe, ili mifano ieleweke. Nilikuwa najaza entri za forodha katika kampuni ndogo ya uwakala. Mzigo ukifika mpakani, wakala hupokea ankara, orodha ya mizigo, hati ya usafirishaji na cheti cha asili ya bidhaa. Huitafutia kila bidhaa nambari yake katika kitabu cha ushuru, kisha huingiza yote kwenye mfumo uitwao ASYCUDA World. Kodi hukadiriwa, mteja hulipa, na mfumo huupangia mzigo rangi: kijani unapita, njano nyaraka zinakaguliwa, nyekundu mzigo wenyewe unafunguliwa. Ukikosea nambari ya bidhaa, kodi inabadilika na lori linaweza kulala yadi huku dereva akikupigia simu kila nusu saa. Kama wewe ni mhasibu au muuguzi, weka kazi yako mahali pa yangu. Hatua ni zile zile.

Usiku wa kwanza: daftari, wala si simu

Nilianza vibaya. Nilifungua simu, nikaandika moja kwa moja kwa Kiingereza, kwa kuwa wasifu wa kazi kwetu husomwa kwa Kiingereza. Kwa muda wa saa moja nilipata mistari minne: kwamba mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma, ninayeweza kufanya kazi na watu wa kila aina. Niliituma kwa kaka mmoja niliyefanya naye kazi zamani, ambaye bado yuko kwenye forodha. Akanijibu asubuhi: "Dada, hapa sioni kazi yako. Mtu yeyote angeweza kuandika hivi."

Alikuwa sahihi, na sababu yake niliielewa baadaye. Kiingereza cha wasifu nilikuwa nimekiona kwenye karatasi za watu wengine, kwa hiyo nilipokosa kumbukumbu, mkono ulirudia maneno ya watu. Usiku uliofuata nilichukua daftari la shule la watoto, nikaandika kwa Kiswahili, kama vile namsimulia dada yangu. Sikuandika kuhusu sifa zangu hata kidogo. Nilichagua siku moja tu, Jumatatu moja ya mwaka 2018, nikaandika nilichofanya tangu kuingia ofisini hadi kutoka.

Fanya hivyo, na uifuate siku hiyo saa kwa saa. Yangu ilianza hivi: nimefika saa moja na nusu, nikakuta mafaili mawili mezani, moja la vigae, moja la nguo. La nguo ankara ilisema nguo tu, haikusema za pamba au za nailoni, na bila hilo nambari haipatikani. Nikampigia mteja. Akabisha. Nikamweleza kwamba forodha ikifungua mzigo na kukuta tofauti, atalipa zaidi na atasubiri zaidi. Akatuma picha za lebo. Nikaendelea na vigae wakati nasubiri.

Soma tena aya hiyo. Ndani yake kuna uainishaji wa bidhaa, ukaguzi wa nyaraka na mazungumzo na mteja mgumu, na hakuna hata sifa moja. Kurasa tatu za namna hiyo zilinipa karibu kila kitu kilichoingia kwenye wasifu. Kiingereza kilikuja mwishoni kabisa, kama kazi ya kutafsiri sentensi ambazo tayari zilikuwa na kitu ndani yake.

Kuhusu muda, nilijiwekea kuanzia saa tatu na nusu hadi saa tano, na kila usiku swali moja. Kabla ya kufunga daftari niliandika juu ya ukurasa unaofuata swali la kesho. Mtoto akiamka katikati, na ataamka, unaacha mstari pale ulipo na kuandika neno moja la kukukumbusha ulikuwa unakwenda wapi. Bila hilo, nusu ya usiku unaofuata huishia katika kutafuta ulikoishia.

Tarehe: usizikadirie

Nilikumbuka kwamba nilianza kazi 2014. Mwezi sikuukumbuka. Na mwezi wa kuacha nilikuwa na hakika ni Mei 2019, mpaka nilipoangalia.

Mahali pazuri pa kuangalia ni taarifa ya michango yako ya NSSF. Mwajiri hukata asilimia 5 ya mshahara wako, anaongeza asilimia 10 yake, na michango hiyo huorodheshwa kwa mwezi pamoja na jina la mwajiri. Unaweza kuiona kwenye programu ya NSSFGo au kuiomba katika tawi lao. Mchango wangu wa mwisho ulikuwa wa Machi 2019. Mei nilikuwa nimeikumbuka kwa sababu ndio mwezi niliojifungua mtoto wa pili. Angalia tu jambo moja: ikiwa mwajiri wako alichelewesha au aliruka miezi, taarifa itakuwa na mapengo ambayo si yako. Hapo linganisha na barua ya ajira na meseji za mshahara kutoka benki.

Nasisitiza tarehe kwa sababu ya jaribu lililonijia usiku wa tatu. Niliona miaka sita ya pengo, nikafikiri kwamba nikisogeza mwisho wa kazi hadi 2021, pengo litakuwa fupi, na nani atajua. Nilikaa na wazo hilo usiku mzima, nitasema ukweli. Kisha nikahesabu wanaoweza kujua. Bosi wangu wa zamani, ambaye lazima awe mdhamini wangu. Wenzangu wote wa mpakani, ambao walishuhudia meza yangu ikikaliwa na mtu mwingine. Na hiyo hiyo taarifa ya NSSF, ambayo mwajiri mpya akiiomba siwezi kumnyima bila kumtia shaka. Forodha ni kazi ambayo mtu hukabidhiwa nyaraka za mamilioni ya shilingi; tarehe moja ya uongo inatosha kumfanya mwajiri aweke karatasi yako pembeni. Niliandika Machi 2019.

Nambari unayoweza kuitetea

Kaka yule aliniambia niweke kiasi cha kazi, kwa kuwa "nilijaza entri" haimwambii mtu kama ni tano kwa mwezi au tano kwa siku. Sikuwa na rekodi; mafaili yalibaki ofisini, na ndivyo ilivyopaswa kuwa. Kwa hiyo nilihesabu hivi.

Siku iliyopoa nilijaza entri mbili. Siku ya msongamano, tano. Siku ya kawaida, tatu. Nilichukua tatu, nikazidisha kwa siku tano za wiki, nikapata 15. Mwaka una wiki 52, lakini ukiondoa likizo, sikukuu na siku za kuugua kwa mtoto, nilibaki na 48. Mara 15, ni 720. Nikaandika "karibu 700 kwa mwaka".

Mwanzoni nilikuwa nimetumia tano kwa siku, kwa sababu siku za msongamano ndizo zinazokumbukwa. Ilitoka 1,200. Kilichonizuia ni ukaguzi mmoja mdogo ambao ningependa kila mtu aufanye: linganisha nambari yako na ya ofisi nzima. Tulikuwa wawili tunaojaza. Kama mimi peke yangu nilifanya 1,200, ofisi ingekuwa na zaidi ya elfu mbili, na kampuni yenye meza tatu na printa moja haikuwa na wateja wa kiasi hicho. Nambari inayoizidi ofisi yako ni nambari ya kumbukumbu iliyochangamka.

Kuna nambari nyingine niliyoitamani sana: ni entri ngapi zilirudishwa kwa marekebisho. Najua zilikuwa chache. Lakini uchache huo sikuwa na njia ya kuuhesabu, kwa hiyo niliuacha. Mahali pake niliandika aina za mizigo: vigae, nguo, simu na vipuri vya magari vinavyoingia, nafaka zinazotoka kwenda Kenya. Mtu wa forodha akisoma orodha hiyo anajua ni sura zipi za kitabu cha ushuru nimezizoea, na hilo linamfaa zaidi kuliko asilimia niliyoibuni.

Majina ya wateja sikuandika, wala thamani za mizigo yao. Walizileta kwa kampuni, hawakuzileta kwa wasifu wangu. Mwajiri akiona umemwaga siri za mteja wa zamani, anajua za wateja wake zitafuata.

Pengo

Usiku huu ndio uliokuwa mgumu kwangu. Niliandika na kufuta hadi karatasi ikatoboka.

Mtoto wa kwanza nilimzaa 2016. Sheria ya ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, nilizichukua, nikarudi. Wa pili alipokaribia, mume wangu alikuwa anaendesha lori na hakuwapo nyumbani wiki nzima, na sikuwa na wa kuwaachia watoto wawili. Nikaacha. Nilikusudia mwaka mmoja. Machi 2020 shule zikafungwa nchini kote, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Mtoto wa tatu alizaliwa humo katikati. Mwaka mmoja ukawa sita.

Hayo yote ni kweli, na yote niliyaweka kwenye rasimu ya kwanza. Ikawa nusu ukurasa. Nilipoisoma, ilisikika kama mtu anayejitetea mbele ya baraza. Msomaji wa wasifu hakuniuliza kwa nini. Alitaka kujua tu nilikuwa wapi. Maelezo ya shule kufungwa niliyaweka akiba kwa siku ya usaili, akiuliza. Kwenye karatasi ilibaki hivi:

*Machi 2019 – 2025: Mapumziko ya kazi kwa ajili ya kulea watoto.*

Idadi ya watoto na umri wao haviko. Neno la kuomba radhi pia halipo. Nimeona akina mama wengine wakijipa vyeo kwa miaka hiyo, kama "meneja wa kaya" au "mkurugenzi wa familia". Nawaelewa, kulea ni kazi, na anayesema si kazi hajawahi kuifanya. Lakini cheo hicho kinamfanya msomaji asimame na kuuliza ni kampuni gani, na akigundua, anahisi ulitaka kumficha. Sema kulea. Linaeleweka katika kila ofisi ya Uganda.

Kilichostahili mstari wa pili ni kazi halisi niliyofanya ndani ya miaka hiyo, hata kama haikulipwa. Kuanzia 2022 nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha akiba, wanawake 22, nikishika daftari la michango na mikopo. Pia majirani wanaovusha bidhaa walikuwa wananiletea fomu. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo wa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, thamani yake isipozidi dola 2,000, unaweza kuvuka kwa cheti chepesi cha asili kinachotolewa pale pale mpakani. Wengi hawakijui, au hukijaza vibaya na kuishia kulipa wasichodaiwa. Niliwasaidia kukijaza mezani kwangu, mtoto mgongoni. Sikuiona kama kazi mpaka nilipoiandika kwenye daftari. Hiyo niliiweka, na niliandika wazi kwamba ilikuwa ya kujitolea.

Pima kila unachotaka kuweka kwa swali moja: bosi mpya angeweza kunikabidhi jambo hili Jumatatu? Daftari la michango, ndiyo. Kupika kwa ajili ya sherehe za watu mia, kwa kazi ya forodha, hapana. Kwa kazi ya upishi, lingekuwa la kwanza kabisa.

Kilichobadilika ulipokuwa nyumbani

Hapa nilitumia usiku mbili na nusu, na ndizo zilizonirudishia ujasiri. Mwajiri anaposita juu ya mama aliyekaa miaka sita, mara nyingi hofu yake ni moja: kwamba unaijua kazi ya zamani. Maneno hayamwondolei hofu hiyo. Mwonyeshe kitu kimoja kilichobadilika ambacho unakijua.

Nilitafuta kitabu cha ushuru cha Jumuiya toleo la 2022, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huo. Nilipoacha kazi, ngazi za kawaida za ushuru zilikuwa tatu: sifuri, asilimia 10 na asilimia 25. Toleo jipya limeongeza ya nne, asilimia 35. Kisha nikafanya zoezi ambalo nalipendekeza kwa moyo wote. Nilichagua bidhaa kumi nilizokuwa nikizijaza kwa kichwa, bila kufungua kitabu. Nikaandika nambari nilizozikumbuka upande wa kushoto wa ukurasa. Halafu nikazitafuta katika toleo jipya, moja moja, nikaandika kulia.

Nyingi zilibaki vile vile. Lakini simu zilinikamata. Zamani simu zote za mkononi ziliingia kwenye 8517.12, nambari ambayo vidole vyangu vinaijua hata gizani. Sasa simu janja zina nambari yao, 8517.13, na zile za kawaida za vitufe ziko 8517.14. Ningerudi kazini bila zoezi hili, faili la kwanza la simu lingenirudia mikononi.

Mambo mengine niliyapitia kwa haraka zaidi. Mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, EFRIS, ulianza kutumika Januari 2021, na sikuwahi kuugusa nikiwa kazini. Congo ilijiunga na Jumuiya 2022, Somalia 2024, na hilo linagusa maswali ya asili ya bidhaa.

Sasa angalia vitenzi utakavyotumia kuyaandika haya, kwa kuwa hapa watu wazuri huteleza bila kukusudia. "Nimefanya kazi na ASYCUDA World" ni kweli kwangu, miaka mitano. "Nimepitia kitabu cha ushuru cha 2022" ni kweli, nina daftari la kuonyesha. "Nafahamu EFRIS" ni nusu ya kweli. Nimesoma tu inavyofanya kazi. Niliandika "nimesoma kuhusu EFRIS, sijaitumia kazini". Kaka yule aliniambia nilifute hilo la mwisho. Nilikataa. Msomaji akikuta umekiri kidogo mahali pamoja, anakuamini zaidi mahali pengine, na siku ya kwanza hakuna atakayekuweka mbele ya mfumo usioujua akitegemea unaujua.

Kuunganisha

Usiku wa saba nilikuwa na daftari lililojaa, na maelezo mafupi ya juu ya wasifu yakatoka kwa dakika arobaini. Haya hapa kwa Kiswahili, kabla sijayatafsiri:

*Nimejaza entri za forodha Busia kwa miaka mitano (2014–2019), karibu 700 kwa mwaka: vigae, nguo, simu na vipuri vinavyoingia, nafaka zinazotoka kwenda Kenya. Nimefanya kazi na ASYCUDA World, tangu kupokea nyaraka hadi lori kutoka yadi. Tangu 2019 nimelea watoto wangu. Mwaka huu nimepitia kitabu cha ushuru cha 2022, pamoja na ngazi ya asilimia 35 na nambari mpya za simu. Nimesoma kuhusu EFRIS, sijaitumia kazini. Naweza kuanza mara moja, Busia au Malaba, zamu za mchana.*

Kazi ndiyo inayotangulia. Kulea ni sentensi moja katikati, na kinachofuata mara moja baada yake ni kilichofanyika mwaka huu, ili jicho la msomaji lisitulie kwenye pengo.

Kuhusu "zamu za mchana" nilisita sana. Mpaka wa Busia hufanya kazi saa 24, na kuna ofisi zinazotaka mtu wa usiku. Lakini mimi usiku siwezi, na aliye na zamu ya usiku tu angenipotezea muda nami nikampotezea wake. Kama wewe una nafasi ya kulegeza, acha jambo hilo hadi mazungumzo. Kama huna, liandike.

LinkedIn, na mahali ajira zinapopatikana kweli

Ofisi ndogo za uwakala hapa mpakani hazitafuti watu LinkedIn. Huulizana kwa WhatsApp: unamjua mtu? Kwa hiyo nilihitaji kwanza ujumbe wa mistari mitano wa kuwatumia wenzangu wa zamani, na faili la PDF lenye jina langu na neno la kazi, ili lisipotee kati ya mafaili mengi yanayoitwa hati. Lakini kampuni kubwa za Kampala zina wanaotafuta huko LinkedIn, na usiku mmoja unatosha.

Mstari wa chini ya jina lako una nafasi ya herufi 220. Usiuache uonyeshe cheo cha zamani peke yake. Wangu ulisema: wakala wa forodha, Busia, uainishaji wa bidhaa na entri za ASYCUDA World, narudi kazini. Sehemu ya `About` inapokea hadi herufi 2,600, lakini kinachoonekana kabla ya mtu kubonyeza ni mistari michache tu ya mwanzo, na ndiyo sababu nyingine ya kutanguliza kazi. Pengo lina mahali pake rasmi: `Add profile section`, kisha `Add career break`, na kati ya aina zilizoorodheshwa kuna `Full-time parenting`. Ukilijaza, miaka inafuatana bila shimo.

Kabla ya kuanza kuhariri, zima `Notify network`, la sivyo kila unachosahihisha saa nne usiku kinaweza kutangazwa kwa watu unaofahamiana nao. Na `Open to work` ina njia mbili, `Recruiters only` au `All LinkedIn members`. Kwa mama asiye na mwajiri wa sasa wa kumficha, sioni sababu ya kujificha. Nilichagua ya pili.

Asubuhi

Usiku wa nane nilifanya kosa la mwisho, na linaniuma hadi leo. Nilimaliza saa sita kasoro, nikafurahi, nikatuma barua na wasifu kwa kampuni mbili hapo hapo. Barua ya pili ilikuwa na jina la kampuni ya kwanza. Niligundua asubuhi nikichemsha uji. Hawakunijibu, na sikushangaa: nilikuwa naomba kazi ya kuangalia majina na nambari kwenye nyaraka.

Tangu siku hiyo, situmi chochote usiku. Unaandika, unalala, na asubuhi unasoma kwa sauti, kidole kikiwa kwenye kila neno. Binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka tisa. Nilimpa karatasi anisomee nambari ya simu na miaka, tarakimu moja moja, nami nikaangalia kwenye daftari. Alipata kosa moja, katika nambari ya mdhamini.

Nambari hiyo ndiyo iliyonikumbusha kuwapigia wadhamini wote watatu kabla ya kuwaandika. Miaka sita ni mingi. Mmoja alikuwa amehamia Mbale na kubadilisha laini. Mwingine alikuwa amepanda cheo, na cheo kipya kilinifaa zaidi. Kila mmoja nilimweleza nilichoandika, pamoja na ile 700, nikamwuliza kama anaona ni sawa. Bosi wangu wa zamani alifikiri kidogo, akasema, "Mama Shamimu, weka. Huenda ilizidi, lakini hiyo hawezi kukubishia mtu."

Usiku wa tisa nilirekebisha barua. Asubuhi yake, saa mbili na nusu, watoto wakiwa wameshaenda shule, nilituma kwa ofisi nne. Siku ya tatu simu ililia nikiwa sokoni. Mzee wa upande wa pili hakuniuliza kuhusu watoto. Alisema, "Hii 700 umeipataje?" Nikamweleza: tatu kwa siku, siku tano, wiki 48, nikapunguza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza simu janja siku hizi zinaingia nambari gani.

Nikamwambia 8517.13. Akaniambia nije Alhamisi na vyeti halisi, na lile daftari pia.